Toeni hedfoni masikioni, watoto wasikie mnavyoamkia

Mdogo wangu anaishi Oslo huko Norwe na mumewe na mtoto wao wa kiume, ana miaka tisa sasa. Mwaka juzi walikuja likizo hapa kwetu Ngamiani, mtoto kaingia ndani na viatu vyake, kamkuta bibi yake kakaa kwenye mkeka anachambua mchele, akamwambia kwa furaha kabisa, "Mambo bibi!" Mama alinyamaza, akaendelea na mchele wake. Mimi naye akaniita jina langu kavu, mjomba mtu mzima na ndevu zangu.

Siku ile shemeji zangu na majirani walisema sana, eti mtoto kaharibiwa na Wazungu, wengine wakamwambia mama yake amchape. Mimi siku ya pili nikakaa na mdogo wangu barazani nikamuuliza taratibu, huyu mtoto hiyo mambo kaitoa wapi? Akafikiria, akasema kwa baba yake, ndivyo anavyoongea na washkaji zake kwenye simu. Na jina langu je? Nalo kalisikia kwa baba yake, tumelingana umri kwa hiyo tunaitana majina. Hapo ndo nikaelewa. Yule mtoto hakutukana mtu, alituamkia kwa kile Kiswahili anachokisikia nyumbani kwao.

Maana fikirieni, ile nyumba yao ina watu watatu. Hakuna bibi, hakuna shangazi, hakuna jirani mzee anayepita asubuhi. Shuleni huko Norwe walimu wanaitwa majina yao tu na ndo adabu ya kwao, hamna kosa. Sasa huyo shikamoo angeisikia wapi? Mama yake anampigia mama kila wiki na anaamkia vizuri, na mimi ananiambia "shikamoo kaka" mpaka leo, ila anaongea na hedfoni masikioni huku anapika, mtoto yuko chumbani. Kwa hiyo miaka tisa hajawahi kumuona mama yake akiwa mdogo mbele ya mtu. Mtoto wa hapa Tanga hajifunzi shikamoo kwa kufundishwa jamani, anamuona baba yake anashuka kwenye baiskeli kumsalimia mzee, basi na yeye anajua kumbe hata baba ana wakubwa zake.

Mi kwa maoni yangu ile tabia ya kumsukumia mtoto simu na kumnong'oneza "sema shikamoo, sema shikamoo" haisaidii kitu. Utaijua tu, mtoto anaitamka huku anamwangalia mama yake badala ya kumwangalia bibi kwenye kioo, halafu bibi akisema marahaba na yeye anajibu marahaba, maana hajui hilo neno ni la nani.

Tulichokubaliana ni kidogo tu. Jumapili saa kumi jioni ya huku (kule kwao inakuwa saa tisa kiangazi, saa nane wakati wa baridi) simu inawekwa mezani kwa spika, wote watatu wamekaa. Anaanza mdogo wangu kuamkia, anafuata mumewe, mtoto wa mwisho, na hakuna kumkumbusha. Mambo ya hela na ugomvi wa kiwanja yana simu yake siku nyingine, hayo mtoto asiyasikie, maana akizoea kwamba bibi ni mtu wa kuomba tu heshima haiji hata umfunge kamba.

Wiki tatu za mwanzo mtoto alikaa kimya akisikiliza. Ya nne akasema mwenyewe "shikamoo bibi", mama akaitikia marahaba mume wangu, mtoto akashtuka akamgeukia mama yake, ikabidi aelezwe kwamba bibi na mjukuu wanataniana hivyo. Mi naona hapo ndo alipokolea kabisa, maana na wazee wetu tujisemee ukweli, mara nyingi tunadai salamu tu halafu baada ya marahaba hatuna la kumwambia mtoto.

Kuna ambayo hayajakaa sawa. Akiitwa bado anajibu "nini?" badala ya naam. Akiongea na mkubwa anamkazia macho, huko ndo adabu yao kumwangalia mtu unapoongea naye, na mama kasema hilo tumuache nalo.

Siku hizi baada ya salamu ni vitendawili. Jumapili iliyopita mama kasema kitendawili, mtoto akajibu tega, mama akatega, "nyumba yangu kubwa haina mlango." Akahangaika weee akashindwa. Nipe mji, mama akamwambia. Akampa Oslo. Mama akakataa katakata, kule baridi nitakufa bure mume wangu, nipe mwingine. Mtoto akacheka mpaka akakohoa, akasema basi bibi chukua Pangani, na mama akaenda Pangani, akarudi na yai.