Arifa iliyopitwa na wakati: itupwe, au ifike kwa kuchelewa?

"Kwa nini tuitupe arifa wakati mtu atawasha data jioni na kuipata? Kawia ufike."

Hoja hii ina uzito kuliko watengenezaji wengi wa programu wanavyotaka kukubali. Kwetu watu wengi huzima data makusudi ili bando lisiishe, wakaiwasha mchana kidogo, kisha jioni tena. Simu ya mtu kama huyo haijakatika mtandao kwa ajali. Hivyo ndivyo anavyoitumia kila siku. Ukizipa arifa zake zote uhai wa dakika 5, umeshaamua kwamba sehemu kubwa ya siku hatapata chochote. Na habari kwamba pesa imeingia kwenye akaunti yake saa 5 asubuhi haijaharibika saa 2 usiku. Bado ni kweli, bado anaihitaji.

Tatizo ni kwamba hoja hii inachukulia kuwa asiyeweka ukomo anahifadhi kila kitu. Mitambo inayobeba arifa haifanyi kazi hivyo. Tuchukue FCM, huduma ya Google inayopeleka arifa kwenye simu nyingi za Android. Usipoandika `ttl`, yaani muda ambao ujumbe unaruhusiwa kusubiri kwenye foleni, hupewa uhai wa wiki 4, ambao ndio wa juu kabisa. Inaonekana ni ukarimu mkubwa. Lakini programu moja ikifikisha zaidi ya ujumbe 100 unaosubiri kwenye simu moja, FCM haitupi wa 101 peke yake: inafuta wote. Simu ikirudi hewani, programu huambiwa tu kupitia `onDeletedMessages()` kwamba kulikuwa na ujumbe na umefutwa, nayo ijisomee upya hali ya mambo kutoka kwenye seva. Upande wa Apple, mtambo wao wa APNs ni mkali zaidi: kwa simu isiyopatikana huhifadhi arifa moja tu ya kila programu, ile ya mwisho kutumwa.

Kwa hiyo kutupa kutafanyika tu. Kilicho mikononi mwako ni nani achague cha kutupwa, wewe au foleni iliyojaa.

Tuitazame kwa dereva wa bodaboda anayepokea wateja kupitia programu. Programu hiyo humtumia arifa za aina mbili. Ya kwanza ni ombi la safari, ambalo analo sekunde 20 kulikubali kabla halijapelekwa kwa dereva mwingine. Ya pili ni taarifa ya malipo kuingia kwenye mkoba wake. Saa 5 asubuhi anazima data bila kubonyeza kitufe cha kutoka kazini, na seva inaendelea kumhesabu kuwa yupo. Anaiwasha saa 9 alasiri. Katika saa hizo 4 tuseme ametumiwa maombi 60 na taarifa 2 za malipo, zote bila ukomo. Data inapowaka, simu inalia mfululizo kwa wateja ambao wameshafika walikokuwa wakienda, na zile taarifa 2 zimefukiwa katikati ya rundo hilo. Sasa tuseme siku ilikuwa na kazi nyingi, maombi yakawa 110. Hapo rundo lote limefutwa, na taarifa za malipo zimekwenda nalo. Aliyekataa kuweka ukomo ili asipoteze ujumbe amepoteza ule uliostahili kulindwa, na kilichouangamiza ni maombi yaliyokufa sekunde 20 baada ya kuzaliwa.

Maombi yakipewa ukomo wake halisi, yanakufa yenyewe kwenye foleni ya FCM, na taarifa za malipo, zilizoachiwa siku kadhaa, zinamsubiri dereva zikiwa peke yake. Kwenye ujumbe wenyewe ni mistari michache:

```json
"android": {
  "priority": "HIGH",
  "ttl": "20s"
}
```

Mistari hii miwili haitenganishwi, na hapo ndipo nimeona watu wakikosea zaidi. Tangu Android 6.0, simu iliyotulia mezani bila kuguswa huingia kwenye hali ya Doze, ikawa inaamka kwa vipindi tu. Ujumbe wa kipaumbele cha kawaida hungoja kipindi hicho. Ujumbe wa `HIGH` ndio wenye ruhusa ya kuiamsha simu papo hapo. Ukiweka uhai wa sekunde 20 kwa kipaumbele cha kawaida, umeandika ujumbe utakaokufa mlangoni kila mara simu imelala, hata kama mtandao ni mzuri na chaji imejaa. Dalili yake ni rahisi kuitambua: majaribio ofisini yanafaulu yote, kwa sababu simu ziko mkononi na skrini zinawaka, huku madereva wakilalamika kwamba simu ikikaa mfukoni kimya haileti kazi.

Wengine wakiliona hilo huweka `HIGH` kwenye kila kitu, mpaka matangazo ya punguzo la bei. Hilo nalo lina gharama. FCM huangalia kama ujumbe wa `HIGH` huishia kwenye arifa ambayo mtumiaji anaiona. Programu ikizoea kuamsha simu bila kuonyesha kitu, ujumbe wake unaweza kushushwa kuwa wa kawaida. Unaweza kulipima hilo ndani ya programu kwa kulinganisha `getOriginalPriority()` na `getPriority()`. Vikitofautiana, umeshushwa njiani, na uhai wako wa sekunde 20 umegeuka kuwa hukumu ya kifo.

Kuna swali jingine linalosahaulika: saa inaanza kuhesabu wapi? `ttl` ni muda tangu FCM ipokee ujumbe, haijui tukio lenyewe lilitokea lini. Mteja ameita saa 3:00:00 asubuhi. Foleni ya seva yako ina msongamano, ujumbe unakaa humo sekunde 8, kisha unatumwa ukiwa na `20s`. Unaweza kumfikia dereva mpaka saa 3:00:28, wakati ombi limeshahamia kwa mwingine tangu saa 3:00:20. Dereva anabonyeza kukubali, anajibiwa kuwa amechelewa, na anaamini kwamba anachezewa. Dawa ni kuhifadhi saa ya kuisha tangu tukio linapotokea, na kukokotoa uhai dakika ya mwisho kabla ya kutuma: hapa zimebaki sekunde 12, basi andika `12s`. Hesabu ikitoa sifuri au hasi, usitume kabisa. APNs imelipanga hili kwa namna ninayoipenda zaidi, kwa kuwa kichwa chake `apns-expiration` hudai saa kamili ya kuisha kwa sekunde za Unix, si urefu wa muda. Kumbuka tu kwamba `ttl` iliyo chini ya `android` haiigusi iPhone hata ukituma kupitia FCM. Huko lazima uandike kichwa hicho katika sehemu ya `apns`.

Vipimo navyo vina mtego. Anayeandika ujumbe wa HTTP moja kwa moja huandika sekunde, lakini maktaba ya Admin ya Node.js inapokea milisekunde. Mtu akiandika `ttl: 20` humo akidhani ni sekunde, ametoa uhai wa sehemu ya hamsini ya sekunde moja. Wenye simu zilizo hewani wengi watapata, wasio hewani hawatapata kamwe, na hakuna kosa litakaloonekana, kwa sababu jibu la FCM lenye namba ya ujumbe linathibitisha kupokelewa kwa ujumbe na huduma hiyo, si kufika kwake kwenye simu.

Nirudi kwa aliyeuliza, maana bado hajajibiwa chote. Hofu yake ya kweli ni ukimya. Arifa iliyochelewa angalau humwambia dereva kwamba aliitwa. Iliyotupwa haimwambii chochote, naye anahitimisha kuwa siku ilikuwa mbaya au programu inambagua. Hofu hiyo ni halali, na haiondolewi na mpangilio wowote wa `ttl`. Inaondolewa na programu inayosoma hali kutoka kwenye seva kila inapofunguliwa na kuonyesha kwamba kati ya saa 5 na saa 9 kulikuwa na maombi 60 ukiwa huonekani. Pasipo ukurasa wa namna hiyo, mimi nisingethubutu kuweka uhai mfupi. Kutupa arifa ni salama pale tu ambapo arifa haikuwa nakala pekee ya habari.

Mstari wangu basi naupitisha hapa. Arifa inayomtaka mtu atende kitu ambacho baadaye hakitawezekana, kama ombi la safari au namba ya siri ya kuingilia inayodumu dakika 5, ife pamoja na nafasi hiyo. Namba ya siri iliyochelewa ina madhara hasa: mtu ameshaomba nyingine, ya zamani inatua juu, anaijaza, anakataliwa, anarudia mpaka akaunti inafungwa. Arifa inayosema jambo limetokea, kama malipo au mtu kuingia kwenye akaunti kwa simu mpya, iachiwe muda mrefu hata mwenye simu akiwa safarini siku nyingi. Ile ya kuingia kwenye akaunti ningeipa wiki zote 4 na `HIGH` juu yake, maana huyo mtu anaibiwa. Na habari inayobadilika, kama mahali mzigo ulipofika, haihitaji mabishano ya uhai; ipewe `collapse_key` ili mpya ifute ya zamani kwenye foleni, ukikumbuka kuwa FCM hushika funguo za namna hiyo 4 tu kwa simu moja kwa wakati mmoja.

Bado kuna pengo moja ambalo mitambo hii haizibi. Uhai wa ujumbe huisha kazi yake pale unapotua kwenye simu. Ombi lililofika ndani ya sekunde 3 litaendelea kukaa juu ya skrini saa nzima kama dereva hakuliona, likionekana zima kama lilivyokuja. Kwenye Android 8.0 na kuendelea, `setTimeoutAfter()` huiondoa arifa yenyewe baada ya milisekunde ulizotaja. Ila ili kuiweka, na ili kukagua kama ombi halijapitwa kabla ya kulionyesha, ni lazima ujumbe uwe wa `data` pekee, kwa kuwa wenye sehemu ya `notification` huonyeshwa na mfumo moja kwa moja programu ikiwa nyuma, msimbo wako usipate nafasi ya kusema kitu. Na ukikagua kwa saa ya simu, acha sekunde chache za hisani. Simu zenye saa iliyokosewa ni nyingi, na iliyotangulia dakika moja itakataa kila mteja atakayeletwa.