Tarehe ya tiketi haithibitishi kuwa wigo umetanuka

“Mfumo wa SACCO yetu umechelewa. Waliotutengenezea wametuletea orodha ya kazi 25 zilizoongezwa baada ya mradi kuanza, na wanadai malipo ya ziada. Je, orodha hiyo inatosha kuwa ushahidi?”

Haitoshi, ingawa bila orodha hiyo hakuna pa kuanzia. Mkandarasi ana hoja ya kweli. Kumbukumbu za watu hupotea, barua pepe husomwa na kila mtu kwa jicho lake, lakini tarehe ambayo tiketi ilifunguliwa haibishaniwi. Kwenye Jira, programu ambamo kila kazi huandikwa kama tiketi, ikiwa mradi ulianza Jumatatu ya tarehe 10 Februari 2025, swali lote ni mstari mmoja:

```
project = SACCO AND created >= "2025-02-10" AND issuetype != Epic
```

Kinachotoka hapo ni rahisi kukipata na ni vigumu kukighushi. Meneja akikiangalia kila Ijumaa ataona mapema kama kazi zinaingia kwa kasi kuliko zinavyomalizwa. Kama king'ora, kinafaa sana. Shida huanza king'ora kinapopandishwa cheo kuwa hakimu, na hapo anayeumia ni mteja, kwa sababu tarehe inaeleza kazi iliandikwa lini, haielezi ilitoka wapi.

Tuchukue hesabu ya mfano. Siku ya kuanza mpango ulikuwa na tiketi 46 zenye makadirio ya siku 180 za kazi ya mtu mmoja. Wiki ya 12 tiketi ni 71. Zile mpya 25 zina siku 52, na zile 46 za awali zimepanda kutoka siku 180 hadi 207. Mkandarasi anajumlisha 52 na 27, anapata 79, kisha anasema mteja ameongeza karibu nusu ya mradi.

Sasa zisome hizo 25 moja moja. Tisa kati yake ni vipande vya kazi zilizokuwepo tangu mwanzo. Tiketi ya “Kuunganisha malipo ya M-Pesa” ilikadiriwa siku 8. Fundi alipoifikia akaigawa: kupata vibali vya majaribio, kutuma STK Push, kupokea majibu ya muamala, na kulinganisha malipo na akaunti za wanachama. Huo ni utendaji mzuri, lakini hakuna aliyepunguza zile siku 8 kwenye tiketi mama, kwa hiyo kazi ileile imehesabiwa mara mbili. Katika vipande vyote tisa vyenye siku 14, siku 11 bado zimekaa kwa mama zao. Ongezeko halisi ni siku 3.

Sita nyingine ni marekebisho ya hitilafu, siku 8. Kuna nne zilizosahaulika wakati wa kupanga, siku 13, na kubwa kati yake ni kuhamisha taarifa za wanachama kutoka kwenye mafaili ya Excel. Hizi ndizo huzua ugomvi, na kipimo chake ni kimoja: je, hati ya mahitaji iliyosainiwa ina sentensi ambayo kazi hii inaitimiza? Hati ikisema mfumo utaanza ukiwa na taarifa za wanachama waliopo, basi uhamishaji ulikuwa ndani ya wigo hata kama tiketi yake ilifunguliwa wiki ya 11. Aliyekadiria ndiye aliyesahau. Zinabaki sita, siku 17, ambazo hazina sentensi ya kuzibeba popote kwenye hati. Hizo ndizo nyongeza za kweli.

Mpaka hapa mteja angeweza kushangilia, lakini asiharakishe. Ulinganisho wa tiketi mpya una upofu mwingine, na huu unamuumiza mkandarasi: wigo hutanuka pia bila tiketi hata moja kuongezwa. Tiketi ya “Ripoti za mikopo” ilikuwepo siku ya kwanza, siku 6, ripoti 3. Kwenye mkutano bodi ikaomba ripoti hizo zitolewe kwa kila tawi, kwenye mkutano mwingine zikawa 7, na fundi badala ya kufungua tiketi mpya akaihariri ileile ikawa siku 17. Siku 11 zimeingia kimyakimya kupitia mlango wa kazi ya zamani.

Na zinaingia bila kelele kweli. Wengi hutegemea swali hili kukamata kazi za awali zilizovimba:

```
project = SACCO AND created < "2025-02-10" AND workRatio > 120
```

`workRatio` ni muda uliotumika ukigawanywa kwa `originalEstimate`, mara 100. Kama makadirio yangebaki siku 6 na kazi ikala 17, tungeona 283 na kila mtu angeuliza kulikoni. Lakini Jira inaruhusu `Original estimate` kuhaririwa wakati wowote, pamoja na jina lake hilo la “awali”. Mtu akishaandika 17, uwiano unakuwa 100 na tiketi inaonekana imefuata mpango barabara. Kadiri timu inavyojali kuweka takwimu zake sawa, ndivyo inavyofuta ushahidi wake yenyewe. Hili ndilo kosa linalowagharimu wakandarasi zaidi ya ukarimu wao kwa wateja, na wengi hawalioni kwa sababu ubao wa Jira unaendelea kuwa wa kijani.

Dawa yake si ngumu. Siku ya kuanza, toa tiketi zote kwenye faili la CSV, lipelekwe kwa pande zote mbili, na lisiguswe tena. Ulinganisho wowote ufanywe dhidi ya faili hilo, tiketi kwa tiketi kwa kufuata namba yake, wala si dhidi ya kile Jira inachoonyesha leo. Usishtuke kuona 172800 mahali ulipotarajia 6: CSV ya Jira huandika muda kwa sekunde, na siku ya kazi ya saa 8 ni sekunde 28800. Kama faili halikutolewa, fungua `History` ya kila tiketi iliyovimba. Kule mabadiliko ya makadirio yapo, pamoja na aliyebadilisha na tarehe. Inachosha, ila kwa tiketi 46 ni kazi ya alasiri moja.

Tukirudi kwenye hesabu: ondoa siku 11 zilizohesabiwa mara mbili, ongezeko lote ni siku 68. Sehemu ya mteja ni 17 za tiketi mpya na 11 za ripoti, jumla 28. Siku 40 zinazobaki ni hitilafu, kazi zilizosahaulika, makadirio mafupi. Hizo ni za mkandarasi. Kama kuna kazi za mpango wa awali zilizofutwa njiani, siku zake zipunguzwe kwenye zile 28 kwanza, maana mteja aliyeacha jambo moja ili apate jingine amebadilishana, hajaongeza.

Watetezi wa hesabu ya tarehe watasema uainishaji huu una mianya, kwamba kila upande utazisukuma tiketi kwenye kapu linalomfaa. Ni kweli, hasa hati ya mahitaji ikiwa imeandikwa kwa maneno mapana kama “ripoti zote muhimu”. Kwa sentensi ya namna hiyo hata ripoti 20 zimo ndani ya wigo, na mkandarasi aliyeisaini hana pa kushika. Lakini ubishi wa tiketi nne au tano, hati ikiwa mezani, unamalizika kikaoni. Kwa swali lililoulizwa hapo juu, mwombe mkandarasi aongeze safu mbili kwenye orodha yake: namba ya kipengele cha hati ambacho kila kazi inakitimiza, na tarehe na jina la aliyeiomba. Zile ambazo safu ya kwanza ni tupu na ya pili ina jina la mtu wenu, zilipeni.