Tanbihi na maandishi ya pambizoni: ndani ya muhtasari au kwenye orodha yake?

Kila anayefupisha jalada la zamani lililoskaniwa hulikuta swali hili mapema. Kuna maneno yaliyochapwa kwa herufi ndogo chini ya ukurasa, na kuna mengine yaliyoandikwa kwa mkono pembeni. Je, yaingie kwenye muhtasari wenyewe, au yapewe orodha yake nyuma? Wapo wanaotaka kila kitu kiwe mahali pamoja, na wapo wanaoona kwamba kuyachanganya ni kuiharibu nyaraka. Nimezipima hoja za pande zote mbili, na naona zote zinakosea zinapotazama neno liko wapi kwenye karatasi badala ya kutazama linafanya kazi gani.

Tuchukue ukurasa mmoja. Nimeutunga mwenyewe ili mambo yote yaonekane pamoja, ingawa hakuna hata moja ambalo ni geni kwenye majalada ya mashamba ya pwani. Ni ripoti ya afisa kilimo, imepigwa taipu, kuhusu shamba linalotwaliwa kupisha barabara. Ndani yake kuna sentensi hii: "Minazi inayozaa ni 1,340², na wenye shamba wote wamekubali fidia." Chini ya ukurasa tanbihi ya pili inasema: "Bila kuhesabu minazi ya kipande cha wakfu." Pambizoni kulia, kwa wino mwekundu, mtu mwingine ameandika: "Msimamizi wa wakfu amepinga. Tazama folio 27," yaani karatasi ya 27 ya jalada. Ametia herufi za kwanza za jina lake na tarehe, miezi miwili baada ya tarehe ya ripoti. Kando ya neno "wote" kuna alama ya kuuliza ya penseli, haina jina wala tarehe. Chini kabisa kuna agizo kwa karani wa masjala alirudishe jalada mezani tarehe 14/3.

Anayefupisha matini peke yake ataandika kwamba minazi ni 1,340 na wenye shamba wote wamekubali. Kila neno amelitoa kwenye ripoti, na bado amempotosha msomaji mara mbili, kwenye hesabu na kwenye makubaliano. Hii ndiyo nguvu ya wale wanaosema maandishi ya kando yaingie ndani. Muhtasari husomwa na mtu asiye na muda wa kufungua jalada, kwa mfano wakili anayejiandaa kwa kesi au mjumbe wa kamati ya fidia. Mtu huyo hafiki kwenye orodha iliyo nyuma. Ukimwekea pingamizi la msimamizi wa wakfu kwenye orodha ya vipengele arobaini, kati ya agizo la karani na mstari uliopigwa chini ya neno, umemficha jambo ambalo lingebadilisha uamuzi wake.

Lakini watetezi wa orodha wana hoja ambayo mimi naiona nzito zaidi kuliko inavyopewa sifa. Ripoti ni sauti ya mtu mmoja kwa tarehe moja, na alisaini kilichomo. Maandishi ya pambizoni ni ya mtu mwingine aliyekuja baadaye, pengine mwenye cheo kikubwa zaidi, pengine mpita njia tu. Ukiandika kwenye muhtasari kwamba "ripoti inasema wenye shamba wamekubali isipokuwa msimamizi wa wakfu", umemtia afisa kilimo maneno ambayo hakuyasema. Umefuta pia jambo kubwa zaidi: kwamba siku aliyoiandika ripoti, ama hakujua kuhusu pingamizi hilo, ama alijua akanyamaza. Katika kesi ya ardhi, tofauti kati ya hayo mawili inaweza kuwa ndiyo kesi yenyewe, na ukishaziunganisha sauti mbili kwenye sentensi moja, msomaji hana njia ya kuzitenganisha tena.

Kuskani kunaiongezea hoja hii uzito. Mashine ikiwekwa kwenye nyeusi na nyeupe tupu, bila rangi wala kijivu, wino mwekundu hutoka mweusi kama wa taipu, na penseli hafifu inaweza kupotea kabisa. Jalada lililofungwa kwa uzi likikataa kulala bapa, maneno yaliyo karibu na mshono hukatika nusu. Kisha inakuja programu ya kuigeuza picha kuwa maandishi. Hiyo husoma kwa mistari kutoka kushoto kwenda kulia, na maneno ya pambizoni inaweza kuyapachika katikati ya sentensi za matini. Mbaya kuliko yote ni namba ya tanbihi inayogandana na tarakimu. Kwenye ukurasa wetu minazi 1,340 yenye tanbihi ya pili inaweza kutoka ikiwa 1,3402. Hapa bahati nzuri koma inaishtaki: nyuma yake kuna tarakimu nne badala ya tatu. Kama mpigaji taipu asingeweka koma, ungepata 13402, na hakuna kitu kwenye maandishi hayo ambacho kingekushtua. Ndiyo maana kila namba inayoingia kwenye muhtasari lazima ilinganishwe na picha ya ukurasa, na kila tanbihi iliyo chini lazima itafutiwe alama yake juu. Tanbihi isiyoonekana alama yake huenda alama hiyo imemezwa na neno au tarakimu fulani.

Kwa hiyo yafanywe nini? Wanakili wa vitabu vya Kiarabu walishalipatia jibu sehemu kubwa ya swali hili, na mapokeo yao tunayo hapa kwetu. Miswada ya msikiti wa Riyadha, Lamu, iliyopigwa picha kwa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini, ni ya ulimwengu huo wa vitabu vya chuo, ambamo pambizo ilikuwa mahali pa kazi. Katika mapokeo hayo, mnakili aliyeruka neno aliliandika pembeni na kulitia alama ya صح, yaani ni sahihi, ni la matini. Maelezo ya msomaji au mwalimu yalipewa alama nyingine, mara nyingi herufi ح ya hashia, na neno lililosomeka tofauti kwenye nakala nyingine lilipewa خ. Maneno matatu yanaweza kukaa pambizo moja, kwa mwandiko mmoja, na bado moja ni la matini, moja ni la mfafanuzi, na moja linatoka kwenye nakala nyingine. Anayesoma picha ya ukurasa huo leo akilipeleka neno lenye صح kwenye orodha, ameuacha msitari wa matini na pengo. Akiitia hashia ndani ya muhtasari wa matini, amempa mtunzi fikra ya mwanafunzi wake.

Nikirudi kwenye jalada letu, swali ninalolitumia ni hili: neno hili nikiliondoa, je, sentensi yangu ya muhtasari itabaki kweli? Tanbihi ya minazi inaingia ndani bila mjadala, kwa kuwa ni ya mwandishi mwenyewe, inaiwekea mpaka hesabu yake mwenyewe, na bila hiyo namba 1,340 inasema kisichokuwepo. Tanbihi nyingi za mwandishi ni za namna hii zinapogusa namba, eneo au tarehe. Zile zinazotaja tu kitabu au barua nyingine hazimdhuru msomaji zikikaa kwenye orodha.

Wino mwekundu nao unaingia, lakini kwa sharti la kubaki na mwenyewe. Pingamizi la wakfu linaipunguzia nguvu kauli kwamba wote wamekubali, kwa hiyo msomaji alikute papo hapo, katika sentensi inayofuata, likiwa na rangi, mahali na tarehe. Muhtasari wangu wa ukurasa huo ungekuwa hivi:

"Afisa kilimo anahesabu minazi 1,340 inayozaa, bila ya ile ya kipande cha wakfu, na anasema wenye shamba wote wamekubali fidia. Miezi miwili baadaye mtu mwingine ameandika pambizoni, kwa wino mwekundu na herufi za jina lake, kwamba msimamizi wa wakfu amepinga, na anaelekeza kwenye folio 27."

Sentensi ya kwanza ni ya ripoti, ya pili ni ya mtu wa pambizoni. Na kabla ya kuandika hiyo ya pili, folio 27 lazima ifunguliwe. Ikiwa barua ya msimamizi ipo na inasema hivyo, ndiyo inayobeba uzito, na pambizo inabaki kuwa kidole kilichoielekeza. Ikiwa folio 27 haimo kwenye skani, hilo nalo liandikwe kwenye muhtasari, kwa kuwa folio iliyokosekana mahali penye pingamizi si jambo la kupita kimya.

Agizo la tarehe 14/3 linakwenda kwenye orodha. Halisemi lolote kuhusu shamba, ila siku moja litamfaa anayetaka kujua jalada lilikuwa mezani kwa nani wakati pingamizi lilipofika. Orodha yenyewe haina thamani kama haina anwani. Kila kipengele kitaje namba ya picha na namba ya folio, kwa sababu hizo mbili mara nyingi hazilingani: majalada huwa na karatasi zilizoandikwa nyuma na mbele, na skani huhesabu kila upande. Kiseme pia pambizo ya kulia, kushoto, juu au chini, chombo kilichoandikia kama kinatambulika, na maneno kama yalivyo. Lisilosomeka liwekewe mabano yenye neno "halisomeki", lisibuniwe.

Inabaki ile alama ya kuuliza ya penseli, na hapa ndipo kanuni yangu inaponipa shida. Haina mwenyewe wala tarehe, na haisemi kitu kilichokanushwa. Ukiitia ndani ya muhtasari unaweza kumfanya msomaji aamini kwamba ofisi yenyewe ilikuwa na shaka, kumbe huenda ni mtafiti wa miaka ya karibuni aliyekaa na jalada hilo chumba cha kusomea. Lakini imekaa kando ya neno "wote", neno lile lile ambalo wino mwekundu unalipinga. Mimi ningeiweka kwenye orodha, na kwenye muhtasari, baada ya sentensi ya wino mwekundu, ningetia namba ya kipengele chake tu. Mwenye kuhitaji ataifuata. Mtu mwingine anayefanya kazi hii angeiacha orodhani bila namba yoyote, akisema kwamba kuielekezea msomaji tayari ni kuipa maana. Siwezi kusema amekosea, mradi wino mwekundu upo hapo juu. Kama usingekuwepo, na penseli hiyo ndiyo ingekuwa dalili pekee kwamba neno "wote" lina walakini, ningeitaja ndani ya muhtasari kwa maneno kamili: alama ya kuuliza, penseli, mwandishi hajulikani.