Gramu za kuni kwa lita: jaribio la kuchemsha maji linatuambia nini?

Kwenye maelezo ya majiko banifu hupendwa kuandikwa "huokoa kuni nusu". Mara nyingi chanzo cha dai hilo ni jaribio la kuchemsha maji. Unachukua sufuria isiyo na mfuniko, unatia lita 5 za maji, unapima kuni, unachemsha, kisha unapima kilichobaki. Hufanyika kwanza jiko likiwa baridi, halafu likiwa moto, na mwisho maji huachwa yatokote taratibu kwa dakika 45.

Kazi ngumu iko kwenye hesabu. Tuseme mafiga matatu yametumia gramu 1,200 za kuni zenye unyevu wa asilimia 15. Ukiondoa maji yaliyomo ndani ya kuni, unabaki na gramu 1,020 za kuni kavu. Moto pia umetumia nguvu kuyakausha maji hayo, nguvu inayolingana na gramu 25 hivi za kuni, kwa hiyo nazo zinatolewa. Halafu kuna mkaa uliobaki, tuseme gramu 80. Mkaa una nguvu takriban mara moja na nusu ya kuni kavu kwa uzito uleule, hivyo unatoa gramu 120. Zinabaki 875. Maji yaliyosalia sufuriani ni kilo 4.6, kwa sababu mengine yamekwenda na mvuke. Gawanya 875 kwa 4.6: gramu 190 kwa lita.

Jiko banifu, kwa kuni zilezile, limetumia gramu 700 na kuacha mkaa gramu 20. Kwa njia hiyohiyo unapata gramu 550, na maji yaliyosalia ni kilo 4.7, yaani gramu 117 kwa lita. Tofauti ni gramu 73, sawa na asilimia 38 ya kuni za mafiga. Ikiwa maji hayakuanzia joto moja, kila jibu huzidishwa kwa 75, yaani nyuzi za kutoka 25 hadi 100, kisha hugawanywa kwa nyuzi ambazo maji yalipanda hadi kuchemka. Mbeya, kwa sababu ya mwinuko wake, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo ni kosa kuandika 100 kwa mazoea.

Mimi naiamini zaidi namba hii ya gramu kwa lita kuliko asilimia ya ufanisi ambayo jaribio hilohilo hutoa. Katika ufanisi, mvuke huhesabiwa kuwa kazi muhimu. Maana yake ni kwamba ukiacha moto uwake kwa nguvu baada ya maji kuchemka, joto linalorusha mvuke hewani linaongezwa upande wa faida. Lakini nani anapika ili apate mvuke? Katika gramu kwa lita, mvuke hupunguza maji yanayogawanya kuni, hivyo jiko linalopoteza maji linaadhibiwa. Inavyostahili.

Hata hivyo namba hii nayo ina mlango wa nyuma, nao ni mkaa. Turudi kwenye mfano wetu bila kutoa mkaa: mafiga yanafika gramu 216 kwa lita, jiko banifu 123, na akiba inapanda kutoka asilimia 38 hadi 43. Majiko hayakubadilika, mpimaji hakubadilika. Lipi ni sahihi? Inategemea nyumba. Mama anayezima makaa na kuyatia kwenye jiko la mkaa jioni hajapoteza kitu. Anayeyaacha yaishie majivuni amepoteza. Mwenye kuuza jiko atapendelea hesabu ya pili, kwa hiyo msomaji aulize ni ipi iliyotumika.

Wanaolitetea jaribio wana hoja nzito: maji ni yaleyale kila mahali, na fundi aliyebadilisha urefu wa chumba cha moto anaweza kujua siku hiyohiyo kama amesogea mbele. Hata kwake, jaribio moja halitoshi. Kuni nene kidogo au mchocheaji mzembe anaweza kusogeza jibu kwa gramu 15. Yafanye matatu angalau. Yakitofautiana kwa kiasi kinachokaribia pengo kati ya majiko mawili, hujathibitisha chochote.

Lakini maharage hayapikwi kwa dakika 45, na ugali unasongwa kwenye sufuria inayotikisika. Jiko linalochemsha haraka huenda lisikubali kupunguzwa moto, na familia nyingi huendelea kuwasha mafiga kando yake. Akiba ya nyumbani hupatikana kwa kupima rundo la kuni la familia asubuhi hadi asubuhi kwa siku kadhaa, kabla na baada ya jiko jipya. Ile asilimia 38 ni ya fundi. Mwenye mradi akiizidisha kwa idadi ya kaya, anahesabu kuni ambazo hakuna aliyezipima.