Andika Ombi Kwanza, Historia Ifuate

Barua nyingi za maombi zinazopelekwa halmashauri huanza na "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Shuleni tulifundishwa hivyo, nami naamini sentensi hiyo inawaumiza waombaji. Inakalia nafasi ambayo kila msomaji huifikia, na haisemi chochote.

Fuata safari ya barua yenyewe. Masjalani barua inagongwa muhuri wa tarehe, karani anatazama kichwa na mistari ya mwanzo ili ajue iingie jalada gani, kisha jalada linapelekwa kwa mkuu. Mkuu ana rundo mezani. Anasoma haraka, anaandika dokezo fupi la kumwelekeza ofisa, jalada linashuka. Hatima ya ombi iko kwenye dokezo hilo.

Sasa chukua kamati ya maji ya kijiji ambayo pampu ya kisima chake imekufa. Wanaandika "YAH: TATIZO LA MAJI." Wanaeleza mradi ulivyoanza, wananchi walivyochanga, kina mama wanavyoteremka bondeni alfajiri kuchota maji. Yote ni kweli na yanauma. Ombi linajitokeza ukurasa wa pili: "Hivyo basi, tunaomba msaada wako." Msaada gani? Mkuu aliyeishia ukurasa wa kwanza ameona habari tu. Ataandika "Kwa taarifa," na jalada litarudi kabatini.

Mimi ningeandika "YAH: OMBI LA FUNDI WA KUKAGUA PAMPU YA KISIMA," kisha nianze hivi: "Kamati ya Maji ya Kijiji inaomba utume fundi akague pampu ya kisima kikuu, iliyoacha kusukuma maji tangu tarehe 3 Machi, fedha za kipuri tunazo." Hapo mkuu anajua amwandikie nani na amwagize nini. Historia nayo inapungua yenyewe, kwa sababu yanabaki yale tu ambayo fundi angeuliza: aina ya pampu, kina cha kisima, na dalili ilizoonyesha kabla ya kuzima.

Wapo wanaosema kuomba moja kwa moja ni kukosa adabu. Ukimwendea mzee nyumbani kwake, nakubali, salamu na habari za watoto zitangulie. Barua ya ofisi ina heshima zake: cheo kilichotajwa sawasawa, neno "tafadhali," na kutomchosha anayesoma. Kama hakujui, jitambulishe kwa maneno machache ndani ya sentensi hiyohiyo ya ombi.

Dalili ya ombi lililozama ni jibu lisemalo "Barua yenu imepokelewa na inafanyiwa kazi," bila kutaja kazi gani. Ukilipata, usitume malalamiko. Andika barua upya, ombi likiwa mbele, halafu utaje tarehe na kumbukumbu namba ya ile ya kwanza. Na kama una maombi mawili, la pampu na la barabara, andika barua mbili. Barua moja huingia jalada moja, na ombi la pili hubaki humo bila ofisa wa barabara kuliona.