Hasara Inapotangulia: Miaka Kumi ya Kwanza ya Kuchota Pensheni

Mjomba wangu alistaafu mapema mwaka 2015, wakati fahirisi ya hisa 20 za Soko la Hisa la Nairobi ilikuwa juu ya alama 5,000. Sehemu kubwa ya pensheni aliyolipwa kwa mkupuo aliiweka katika hisa, na kila Januari, kabla shule hazijafunguliwa, aliuza kiasi cha kumtosha kwa mwaka. Kufikia katikati ya mwaka 2020 fahirisi hiyo ilikuwa imeshuka chini ya alama 2,000. Aliponifungulia daftari lake, niliona kwamba safu ya shilingi alizopata ilikaribia kuwa ile ile mwaka hadi mwaka, ilhali safu ya idadi ya hisa alizouza ilizidi kunenepa. Hapo ndipo madhara yalipokuwa. Mwenye hisa ambaye hakuuza alibaki akisubiri bei ipande, lakini hisa alizouza mjomba kwa bei ya chini hazikuwapo tena za kusubiri chochote.

Tuliokuwa kazini tumezoea kuuliza wastani wa faida kwa mwaka. Kwa aliyeweka fedha mara moja pasipo kuongeza wala kutoa, wastani unatosha, kwa kuwa mpangilio wa miaka mizuri na mibaya haubadilishi hesabu ya mwisho. Kwa anayechota, mpangilio huo ndio unaoamua karibu kila kitu. Tuchukue mfano wa shilingi milioni 10 na miaka kumi: mwaka wa kwanza hasara ya asilimia 20, wa pili hasara ya asilimia 15, wa tatu faida ya asilimia 5, kisha miaka saba ya faida ya asilimia 12. Asiyechota chochote atamaliza na takribani milioni 15.8, na ukiigeuza orodha hiyo mwisho ukawa mwanzo, atapata kiasi kile kile.

Sasa mstaafu achote 800,000 kila mwanzo wa mwaka. Miaka mizuri ikitangulia, baada ya miaka kumi atabaki na takribani milioni 7.6. Mibaya ikitangulia, atabaki na milioni 2 na ushei. Faida ni zile zile na kiasi anachochota ni kile kile, ila ametofautiana na mwenzake kwa zaidi ya milioni 5 kwa sababu tu ya mwaka aliostaafu.

Kwa Kenya kuna jambo jingine linaloufanya muongo huu wa kwanza uwe mzito. Mwanachama wa mfuko wa pensheni anapostaafu huruhusiwa kuchukua hadi theluthi moja ya fedha kwa mkupuo, na zinazobaki hununua pensheni ya maisha kwa kampuni ya bima au huingia katika mpango wa kuchota kidogo kidogo huku salio likiendelea kuwekezwa. Mpango huo wa kuchota hudumu angalau miaka kumi, na kwa mwaka mtu haruhusiwi kutoa zaidi ya asilimia 15 ya salio. Mstaafu wetu wa miaka mibaya, mwishoni mwa mwaka wa tatu, ana salio la takribani milioni 5.01, na 800,000 anazozihitaji ni karibu asilimia 16 ya salio hilo. Fedha zikiwa ndani ya mpango huo, kanuni itampunguzia matumizi wakati ambao hakujiandaa kupunguza.

Ndiyo maana sikubaliani na mazoea ya kuitumia theluthi ya mkupuo kununua kiwanja au gari la matatu. Kwa maoni yangu, kazi yake ya kwanza ni kuwa akiba ya matumizi ya miaka mitatu, iliyokaa katika mfuko wa soko la fedha na hati za hazina za siku 91, 182 na 364, ili mwaka wa hasara ukifika mtu asilazimike kugusa fedha zilizoshuka thamani. Mwenye mpango wa kuchota aulize mapema, kabla ya kutia sahihi, kama anaweza kubadilisha kiwango anachotoa kila mwaka, maana akiba ya pembeni haina faida kubwa iwapo mfuko unamlipa kiasi kisichobadilika apende asipende.

Hebu tuipime. Mstaafu yule yule atenge milioni 2.4 pembeni, na tuchukulie kwa ukali kwamba hazizai hata senti, kisha 7.6 zilizobaki zipitie miaka ile mibaya bila kuguswa. Mwaka wa nne anaanza kuchota kutoka kwenye milioni 5.43, ambapo 800,000 ni chini kidogo ya asilimia 15, na baada ya miaka kumi anabaki na takribani milioni 2.96. Amepata nafuu ya karibu laki tisa, lakini nakiri kwamba bado hali si nzuri. Akiba ya pembeni hununua muda. Haiponyi kiwango cha kuchota kilichokuwa kikubwa tangu mwanzo.

Akianza na 600,000 badala ya 800,000, na akiba yake ya miaka mitatu ikawa milioni 1.8, mambo hubadilika kabisa. Baada ya miaka mitatu mibaya ana takribani milioni 5.85, na faida ya asilimia 12 juu ya kinachobaki baada ya kuchota ni kubwa kuliko anachochota. Salio linaanza kupanda, na mwaka wa kumi linaishia karibu na milioni 6.2. Hesabu hizi zote zimeacha nje mfumuko wa bei, na huo si mdogo: Novemba 2011 Kenya ilifika karibu asilimia 20. Kwa hiyo hata hizo 600,000 haziwezi kuongezwa kila mwaka bila kufikiri. Ile asilimia 4 ya salio la mwanzo, inayotajwa sana kuwa kiwango salama cha kuchota kwa mwaka, ilitokana na hesabu ambayo Mmarekani William Bengen aliichapisha mwaka 1994 kwa kutumia masoko na bei za kwao, na sioni sababu ya kuipandikiza huku kama ilivyo.

Kipimo ninachokitumia na mjomba ni chepesi. Kila Januari tunagawanya kiasi atakachochota kwa salio. Kwa mstaafu wa mfano wetu asiye na akiba, kiwango huanza asilimia 8, kisha 10.9, kisha 14.3, kwa hiyo dalili imeonekana ndani ya mwaka mmoja. Kiwango kikivuka kile cha kuanzia kwa zaidi ya moja ya tano, yaani kikapita 9.6, tunakata matumizi kwa asilimia 10 mwaka huo huo na hatuongezi chochote kwa ajili ya mfumuko wa bei. Akiba ya pembeni nayo hujazwa tu baada ya mwaka wa faida.

Wengine hudhani hatifungani za serikali zinawaepusha na haya yote. Riba yake husaidia kweli, mradi uishike mpaka iive. Ila Februari 2024 hatifungani ya miundombinu ilipotolewa kwa riba ya asilimia 18.46, aliyekuwa na ya zamani ya asilimia 12 iliyobakiza miaka mingi, akalazimika kuiuza ili alipe hospitali, alipewa bei ya chini sana, kwa kuwa mnunuzi angeweza kupata mpya yenye riba kubwa zaidi. Hatifungani za muongo huu wa kwanza zipangwe ziive mwaka wa nne, wa tano na wa sita, zikipokezana na akiba inapokwisha. Mjomba ana moja inayoiva mwakani, na ameiandika pembeni ya daftari kwa kalamu nyekundu, karibu na ile safu iliyonenepa.