Msomaji anayeujua mradi, umkumbushe nini?

Barua pepe nyingi kwa watu waliomo ndani ya mradi tangu mwanzo hufunguliwa na "Kama unavyofahamu, mradi huu ulianza..." Kama anafahamu, ya nini kumsimulia? Ataruka aya hiyo, na kama jambo jipya umelichomeka mwishoni mwake, ataliruka nalo.

Hata hivyo, dawa si kufyeka kila kitu. Anayeujua mradi anaujua kama alivyouacha. Tangu hapo ameshika kazi nyingine. Kwa hiyo mimi hujiuliza: aliuacha wapi?

Chukua timu inayohamisha kumbukumbu za wateja kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya. Anayeshughulikia data anamwandikia mkuu wa mradi: "Lile tatizo la namba limerudi. Tufanye kama tulivyosema?" Namba za simu au za akaunti? Tulisema lini, kikaoni au pembeni? Mwandishi ameshinda nalo wiki nzima hadi kwake limekuwa "lile" tu. Mkuu anaujua mradi mzima, lakini hapa hawezi kujibu bila kuuliza kwanza.

Mimi ningeandika hivi:

"Jumanne uliidhinisha tuhamishe kumbukumbu zote Ijumaa usiku, kwa sharti kwamba kila mteja awe na namba moja ya simu. Jaribio la jana limekuta wateja 212 kati ya 9,000 wenye namba mbili. Naomba uamue kabla ya Alhamisi mchana: tuwahamishe na namba iliyosajiliwa karibuni, au wabaki nyuma hadi tuwapigie? Naona wabaki, maana namba hiyo ndiyo itakayopokea nywila zao."

Usuli wote ni sentensi ya kwanza, nao umechaguliwa: uamuzi unaoguswa na sharti lake. Kwa nini mfumo ulibadilishwa, nani aliuleta, hayo hayagusi jibu analotakiwa kutoa. Wala sentensi hiyo haimdharau, kwa sababu haimfundishi mradi. Inamrudisha pale alipoishia. Akiwa anakumbuka, amepoteza sekunde mbili. Akiwa amesahau na hukuiandika, mtaandikiana mara mbili zaidi kabla ya jibu. Ndiyo maana nikisitasita huongeza sentensi moja, si aya. (Kuambatisha mazungumzo yote ya nyuma na kusema "angalia hapo chini" sikuhesabu kama usuli. Huko ni kumtupia kazi mwenzako.)

Ugumu unakuja ukimtumia nakala ya barua hiyo mtu asiyeujua mradi, tuseme mhasibu mgeni. Usiipanue sentensi ya kwanza kwa ajili yake, maana anayetakiwa kuamua ni mkuu. Mwekee mhasibu maelezo yake chini kabisa, baada ya jina lako, yakiwa na kichwa chao. Na kama ujumbe wenyewe utahifadhiwa kuwa ushahidi wa uamuzi, andika tarehe kamili badala ya "Jumanne" na "jana", kwani atakayeufungua mwakani hatajua ni Jumanne ipi.